Isotretinoini na harusi ya Desemba

*Shikamoo daktari. Nina miaka 26, naishi Tanga, nina kilo 60. Chunusi zangu si vipele, ni mavimbe yanayouma mashavuni, kwenye taya na mgongoni, yakipona yanaacha mashimo. Nimemeza doksisaiklini miezi minne na kupaka krimu, hazikuisha. Daktari wa ngozi ameniandikia isotretinoini miligramu 20 kwa siku, nianze Mei. Nyumbani wananiambia itaniua ini, wengine wanasema inaleta wazimu, na kwamba nitazaa mtoto mlemavu. Harusi yangu ni mwisho wa Desemba. Nimeze au niache?*

Marahaba binti yangu. Meza. Mavimbe ya ndani yanayoacha mashimo, ambayo doksisaiklini imeshindwa kuyatuliza, ndiyo hasa ambayo dawa hii ilitengenezewa. Kila mwezi unaosubiri unaongeza kovu ambalo hakuna krimu itakayoliziba. Ila hofu zako umezipanga kinyume. Umeanza na ini, ukaja kwenye akili, mimba ukaiweka mwisho. Mimi naanza na mimba, kwa sababu ndiyo pekee ambayo ikiharibika hairekebishiki, na ndiyo inayogusana na hiyo tarehe ya Desemba. Akili inafuata. Ini ni la mwisho kabisa.

Kabla ya yote, jambo moja ambalo pengine daktari wako ameshakuuliza: umewahi kupaka mkorogo, au krimu ya kung'arisha uliyouziwa bila kujua kilichomo? Nyingi zina steroidi, na steroidi ina chunusi zake, vipele vingi vidogo vinavyofanana kama vilivyopigwa muhuri mmoja. Hizo hutibiwa kwanza kwa kuacha krimu, tena polepole. Mavimbe unayoyaeleza wewe hayafanani nazo, lakini kama umepaka, mwambie daktari bila aibu. Hakuna atakayekushangaa, tunawaona kila wiki.

Sasa mimba. Isotretinoini ni ndugu wa vitamini A, na kijusi hutumia vitu vya jamii hiyo kama ishara za kujenga uso, masikio, moyo na ubongo. Dawa inapoingia katikati, ishara zinavurugika. Mtoto anaweza kuzaliwa bila sikio la nje, na moyo ulioungwa vibaya, na ubongo uliojaa maji, au mimba ikatoka yenyewe. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama. Hata siku chache za kumeza, zikiangukia wiki za mwanzo ambazo mwanamke bado hajajua kuwa ana mimba, zinaweza kutosha. Dawa hii ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982 onyo lilikuwa limeandikwa, na bado ripoti za watoto walioathirika zilianza kuingia mwaka uliofuata. Baadaye Marekani wakaweka mfumo wa iPLEDGE, ambapo mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi dawa ya mwezi mpya mpaka kipimo cha mimba kionekane hakina kitu. Kwetu mara nyingi muuza dawa atahesabu vidonge na kupokea pesa. Kwa hiyo ulinzi huo ujiwekee mwenyewe, pamoja na daktari wako.

Wanaosema "utazaa mtoto mlemavu" wamechanganya mambo mawili. Dawa haikai mwilini miaka, wala haiharibu kizazi. Inatoka ndani ya siku chache, na sisi tunaongeza usalama kwa kusubiri mwezi mmoja kamili baada ya kidonge cha mwisho. Mimba itakayoingia baada ya hapo haina tofauti na mimba ya mwanamke ambaye hajawahi kuimeza. Hatari iko katika mimba inayokutana na dawa, basi.

Tuhesabu, maana hesabu ndiyo itakayokupa jibu la harusi. Hatuangalii miezi, tunaangalia jumla ya dawa iliyoingia mwilini, na lengo la kawaida ni miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo. Kwa kilo 60, lengo la chini ni miligramu 7,200. Ukibaki kwenye 20 kwa siku utameza siku 360, yaani harusi itakukuta katikati ya dozi. Lakini 20 kwa kawaida ni ya kuanzia tu. Tukichukulia unameza 20 mwezi wote wa Mei, zinaingia miligramu 620. Zinabaki 6,580. Daktari akikupandisha hadi 40 kuanzia Juni, ambayo kwa uzito wako iko ndani ya kiwango cha kawaida, unahitaji siku 165 hivi, na kidonge cha mwisho kinaangukia karibu na tarehe 12 Novemba. Ongeza mwezi wa kusubiri, unafika katikati ya Desemba. Inatosha, kwa wiki mbili tu.

Wiki mbili hizo ni chache kuliko zinavyoonekana. Uzazi wa mpango unatakiwa uwe umeanza angalau mwezi mmoja kabla ya kidonge cha kwanza, kipimo cha mimba kiwe safi, na kwa desturi tunaanzisha dawa siku ya pili au ya tatu ya hedhi inayofuata. Kama hujaanza njia yoyote na unakutana na mchumba wako, Mei yako inakuwa Juni, na kidonge cha mwisho kinasogea katikati ya Desemba. Tena ukipata tatizo njiani daktari anaweza kushusha dozi, na tarehe ikasogea zaidi. Kwa hiyo usiifunge harusi kwenye hesabu ya vidonge. Ndoa ni Desemba, mimba ni baadaye. Ingieni kwenye ndoa mkiwa na njia ya kuzuia mimba, muiache baada ya ule mwezi kupita na kipimo cha mwisho kuwa safi. Mchumba wako alijue hili sasa hivi, asije akalisikia kwa mara ya kwanza wiki ya fungate, huku mashangazi wameshaanza kuulizia tumbo.

Kuhusu njia yenyewe, ninazozipenda kwa dawa hii ni kijiti na kitanzi, kwa sababu hazitegemei kumbukumbu yako. Kijiti kwa wanawake wengine huchochea chunusi kidogo. Ukiwa ndani ya isotretinoini hutaliona hilo sana, ila ukishamaliza dawa lizungumze na daktari. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hakiigusi ngozi. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili husaidia ngozi, lakini kusahau siku mbili tatu ni kitu cha kawaida, kwa hiyo hapo weka na kondomu. Sindano ya miezi mitatu nayo uiongezee kondomu, na tarehe ya kurudi usiipitishe. Vidonge vya homoni moja, vile wanavyopewa wanaonyonyesha, havitoshi kwa kazi hii. Kama uko kwenye dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au ARV zenye efavirenzi, sema mapema, kwa sababu hudhoofisha baadhi ya njia za homoni, kijiti kikiwemo.

Ikiwa hukutani na mwanaume kabisa na hilo ndilo chaguo lako mpaka ndoa, mwambie daktari hivyo. Ni jibu halali na hatakulazimisha kijiti. Kipimo cha mkojo kitafanyika vilevile kila mwezi. Usikione kama tuhuma, ni utaratibu wa wote. Lakini njia ya kuzuia mimba ianze mwezi mmoja kabla ya ndoa, kama dawa itakuwa bado haijaisha. Na hedhi ikichelewa wakati wowote, siku hiyohiyo acha kidonge, pima, nenda kwa daktari. Usisubiri uone kama itakuja.

Dawa hii usimgawie mtu. Najua rafiki mwenye chunusi ataona uso wako umetulia mwezi wa tatu na kuomba "viwili tu nijaribu". Huwezi kujua kama ana mimba ya wiki tatu, na yeye mwenyewe hajui. Kwa sababu hiyohiyo usichangie damu mpaka mwezi mmoja upite baada ya kumaliza: damu yako inaweza kwenda kwa mjamzito.

Tuje kwenye akili. Ripoti za watu walioingia kwenye sonona wakiwa kwenye isotretinoini zipo, na za watu waliojidhuru zipo pia. Tafiti zilizokusanya wagonjwa wengi, kwa ujumla wake, hazikuonyesha kwamba watumiaji wanapata sonona zaidi ya wengine, na wagonjwa wangu wengi huchangamka kadiri uso unavyosafika. Chunusi mbaya zenyewe zinavunja watu moyo, kwa hiyo si rahisi kutenganisha. Lakini wastani wa maelfu haukuambii lolote kuhusu mtu mmoja aliyeketi mbele yako. Uingereza mwaka 2023 walitaka hali ya akili ya kila mgonjwa iulizwe kabla ya kuanza na wakati wa matibabu, na wenye chini ya miaka 18 wakubaliwe na wataalamu wawili. Naona walifanya vizuri.

Kwako wewe, kabla ya kuanza mwambie daktari kama umewahi kuwa na sonona, kama umewahi kufikiria kujidhuru, au kama nyumbani kwenu kuna aliyeugua. Haimaanishi utanyimwa dawa. Inamaanisha utaonwa mapema zaidi, pengine pamoja na daktari wa akili. Kuna dodoso fupi la kupima sonona lenye maswali tisa, PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili. Lijaze kabla ya kidonge cha kwanza, kisha kila unaporudi. Faida yake ni kwamba mnakuwa na namba ya kuanzia. Bila hiyo, mwezi wa tatu utasema "sijisikii vizuri" na hakuna atakayejua kama ni dawa, ni maandalizi ya harusi, au ndivyo ulivyokuwa tangu mwaka jana.

Halafu mchague mtu mmoja mnayeishi naye, dada au mwenzako wa chumbani, umwambie wazi unameza dawa gani na aangalie nini. Mabadiliko ya namna hii mwenyewe huyaoni, anayekuona kila siku ndiye anayegundua. Aangalie kama umeanza kukosa usingizi au kulala mchana kutwa, kama umeacha vitu ulivyokuwa ukivipenda, kama unafoka kwa jambo dogo kuliko kawaida yako, kama unalia bila sababu, kama umejitenga. Mojawapo ikikaa wiki mbili, piga simu kwa daktari. Ukianza kufikiri ni heri usingekuwepo, hapo husubiri miadi. Acha kidonge, mwambie huyo mtu wako, na nendeni hospitali siku hiyo. Wala msiishie kuacha dawa, kwa sababu hali ikishaingia inaweza kuendelea hata kidonge kikiwa kimetoka mwilini, na inahitaji matibabu yake. Nawaomba na wa nyumbani wasianze kutafuta mapepo kwanza.

Nikuambie pia, kwa kuwa wewe ni bi harusi na wengine wataona haya: ukavu unaweza kufika hadi sehemu za siri, na wapo walioripoti hamu ya tendo kupungua. Likitokea lisemwe, lina dawa zake na linabadilisha dozi.

Ini sasa, hofu kubwa ya ndugu zako. Kabla ya kuanza utatolewa damu kupima vimeng'enya vya ini na mafuta, hasa trigliseraidi. Kipimo kinarudiwa baada ya mwezi mmoja au miwili, dozi ikishapanda. Yote yakiwa sawa, kwa kijana mwenye afya kama wewe si lazima kutoboana kila mwezi. Nenda maabara asubuhi hujala. Ukipita kwanza kwenye chai ya maziwa na chapati, trigliseraidi itapanda na utarudishwa bure.

Majibu yakija usiogope kila namba yenye alama pembeni. Tuseme ALT, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo vya ini, ni 52 na maabara imeandika mwisho ni 40. Imepanda kidogo. Kwa hali hiyo tunaendelea na kurudia kipimo baada ya wiki chache, na mara nyingi hushuka yenyewe. Ikivuka mara tatu ya mwisho wa kawaida, kwa maabara hiyo 120, tunasimamisha. Trigliseraidi ikikaribia 500 kwa kipimo cha miligramu kwa desilita tunashusha dozi na kubana vyakula vya kukaanga na soda. Ikizidi 800 tunaacha, kwa sababu hapo kongosho linaweza kuvimba, na maumivu makali ya tumbo la juu yanayoenda mgongoni ni ya kukimbilia hospitali. Pombe weka pembeni kipindi chote. Na vidonge vya vitamini A, hata vile vilivyofichwa kwenye multivitamini za nywele na kucha, usivimeze.

Kitu ambacho kwa mazingira yetu kinanisumbua kuliko ini ni doksisaiklini. Iache kabla ya kuanza, na usiirudie. Ikichanganyika na isotretinoini, shinikizo ndani ya fuvu linaweza kupanda: kichwa kinauma bila kuachia, unatapika, macho yanaona ukungu. Hayo yakikupata, acha dawa na nenda hospitali siku hiyo. Nasisitiza kwa sababu doksisaiklini kwetu inauzwa kwa kila jambo, UTI, tumbo, homa isiyojulikana. Ukiingia duka la dawa kwa ugonjwa wowote, sentensi ya kwanza iwe "niko kwenye isotretinoini".

Ukavu hauepukiki. Dawa inafanya kazi kwa kukausha tezi za mafuta, na haichagui tezi za mashavuni tu. Midomo ndiyo ya kwanza kupasuka, ndani ya wiki moja au mbili. Mimi naitumia kama kipimo: mgonjwa akija mwezi wa pili na midomo laini kabisa, namuuliza anameza na nini na amenunua wapi. Mara nyingi anameza asubuhi na maji matupu. Kidonge hiki kinahitaji mafuta ili kiingie mwilini, ukimeza bila chakula sehemu kubwa inapotea. Kimeze na mlo kamili wa mchana au usiku, wali wa nazi, parachichi, mayai. Ukifunga, kimeze kwenye futari.

Kwa midomo, mafuta ya mgando yasikutoke mkononi, upake kabla haijakauka, na usiilambe wala kubandua magamba. Kwenye pua paka kidogo ndani jioni, itazuia damu. Macho yakichoma, matone ya machozi bandia, na lenzi za kuvaa machoni zipumzishe. Usiku ukiona gizani huoni kama zamani, usiendeshe. Kwa ngozi, achana na magadi, sabuni za dawa na ile krimu ya chunusi ya zamani, tumia sabuni laini, na paka losheni ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Jua la Tanga litakuchoma haraka kuliko kawaida, hivyo mtandio na krimu ya kukinga jua kila siku. Hiyo pia ndiyo itakayozuia madoa meusi yasikolee.

Wiki za kwanza chunusi zinaweza kuongezeka, ndiyo maana unaanzishwa na 20. Usikate tamaa hapo. Lakini vimbe zikianza kupasuka na kuwa vidonda vinavyotoa damu, pamoja na homa na maumivu ya viungo, hiyo si ile ya kawaida, rudi haraka.

Na sasa mambo ya somo wako. Ngozi yako wakati huo, na kwa miezi sita baada ya kumaliza, inachubuka kirahisi mno. Kunyonyoa vinyweleo kwa nta au sukari, iwe kwapa, miguu au uso, hakutafaa Desemba. Ngozi inaweza kutoka pamoja na unywele, ikaacha kovu, na kwa ngozi zetu hata keloidi. Wembe safi, taratibu, unatosha. Singo ya kusugua usoni usikubali. Somo akitaka apake liwa laini mwilini bila kusugua, ijaribuni kwanza mkononi siku mbili kabla. Matibabu ya yale mashimo, kama leza au kukwangua ngozi, usiyaingize kwenye ratiba ya harusi. Yajadili na daktari wako mwaka unaofuata, ngozi ikishatulia.

Vikibaki vidonge siku ya mwisho, virudishe duka la dawa ulikonunua. Usiviweke kwenye droo ya nyumba mpya.